Namna ya Kutafuta na Kusoma Leseni ya Benki, Kampuni ya Bima au Kampuni ya Simu Tanzania

Mtu anayetaka kujua kama kampuni fulani ina leseni kwa kawaida huuliza swali moja tu: "Je, wamesajiliwa?" Swali hilo ni finyu, na kampuni isiyo na leseni inaweza kulijibu kwa ukweli mtupu, kwa sababu usajili wa kampuni ni jambo moja na leseni ya kuendesha benki, bima au mawasiliano ni jambo lingine. Leseni ya sekta hizi hutolewa kwa kampuni moja inayotajwa kwa jina, kwa shughuli moja inayoelezwa, na kwa muda au masharti yanayoweza kukoma. Kwa hiyo anayeitafuta anapaswa kutoka na majibu matatu: ni nani hasa mwenye leseni, inamruhusu kufanya nini, na je, bado ina nguvu leo. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo kwa upande wa Tanzania, ambako wadhibiti wanaohusika ni Benki Kuu ya Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA.

Hatua ya kwanza: pata jina halisi la kampuni

Orodha za wadhibiti zimeandikwa kwa majina ya kisheria, ilhali wateja wanazijua kampuni kwa majina ya biashara. Hapa ndipo utafutaji mwingi unapokwama. Anayetafuta neno "Halotel" katika orodha iliyopangwa kwa majina ya kampuni anaweza asione kitu, kwa sababu kampuni yenyewe ni Viettel Tanzania. Mtandao uliojulikana kwa miaka mingi kama Tigo ulikuwa wa kampuni iliyoitwa MIC Tanzania, ambayo baadaye ikawa Honora Tanzania, na Novemba 2024 jina la biashara lilibadilishwa kuwa Yas. Mteja hakubadilisha laini yake, lakini mtu anayefuatilia leseni kwa miaka yote hiyo anakutana na majina mawili ya kampuni na mawili ya biashara. Kwa upande wa benki, TPB Bank ilibadilisha jina mwaka 2021 na kuwa Tanzania Commercial Bank, hivyo orodha ya zamani na orodha mpya zinaitaja benki hiyo hiyo kwa majina tofauti.

Jina halisi halipatikani kwenye bango la barabarani. Litafute kwenye mkataba, hasa sentensi ya mwanzo inayotaja pande mbili. Kwenye risiti ya EFD, ambayo hubeba jina la mlipakodi na namba yake ya TIN. Kwenye hati ya bima. Au chini kabisa ya ukurasa wa masharti na sera ya faragha. Kama huduma inatolewa kwa programu ya simu, fungua ukurasa wa programu hiyo kwenye duka la programu na usome jina la aliyeitengeneza pamoja na sera ya faragha iliyounganishwa hapo. Ikiwa mkataba wa mkopo hautaji kampuni yoyote, au sera ya faragha inataja kampuni tofauti na ile iliyo kwenye mkataba, jambo hilo ni la kuandikwa kabla ya kuendelea, kwa sababu huenda kampuni mbili zikawa zinatumia leseni moja.

Ukishapata jina, lihakiki katika mfumo wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwenye anwani ya ors.brela.go.tz. Taarifa rasmi kuhusu kampuni, zinazoonyesha namba ya usajili, wakurugenzi na wanahisa, huombwa kupitia mfumo huo huo kwa ada. Kampuni iliyosajiliwa Zanzibar haitafutwi BRELA. Hiyo iko katika daftari la Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA. Namba ya usajili inafaa kunakiliwa kwa uangalifu, maana majina ya kampuni yanaweza kufanana sana lakini namba haijirudii.

Cheti cha BRELA kinathibitisha tu kwamba kampuni ipo. Hakithibitishi kwamba inaruhusiwa kupokea amana, kuandika bima au kuendesha mtandao. Hali ni hiyo hiyo kwa cheti cha TIN, kwa leseni ya biashara ya kawaida inayotolewa na BRELA au na halmashauri, na kwa cheti cha usajili kutoka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambacho ni uthibitisho wa wajibu wa kutunza taarifa chini ya sheria ya mwaka 2022. Mtu akiombwa leseni ya kukopesha na akatoa hati hizi, hajatoa leseni, hata kama kila hati aliyotoa ni halali.

Hatua ya pili: taja shughuli kabla ya kutaja mdhibiti

Kosa la pili linalojirudia ni kumtafuta mdhibiti kwa kuangalia aina ya kampuni, wakati sheria inaangalia shughuli. Kampuni ya simu inayosafirisha sauti na intaneti iko chini ya TCRA kwa shughuli hiyo. Huduma ya pesa kwa simu yenye nembo ile ile iko chini ya Benki Kuu. Bima inayouzwa kupitia menyu ya simu hiyo hiyo iko chini ya TIRA. Benki inayomuuzia mkopaji bima ya mkopo inahitaji kutambuliwa na TIRA kama wakala wa bima, juu ya leseni yake ya kibenki. Kwa hiyo, kwa kila kampuni, andika kwanza kwa maneno yako mwenyewe kile inachokufanyia: inapokea fedha zako na kuzitunza, inakukopesha, inahamisha fedha, inabeba hatari yako, inakutafutia bima ya mtu mwingine, inakuuzia intaneti. Kila kitenzi katika orodha hiyo kinaweza kuhitaji leseni yake.

Mipaka ya nchi nayo ni ya kuzingatiwa katika hatua hii. Kampuni inayoonekana katika orodha ya wakopeshaji wa kidijitali ya Benki Kuu ya Kenya imeruhusiwa Kenya, na ruhusa hiyo haiivushi Namanga. Ikiwa inakopesha watu wa Arusha, inahitaji leseni ya Tanzania kwa jina la kampuni iliyosajiliwa Tanzania.

Hatua ya tatu: orodha za Benki Kuu

Benki Kuu hutoa kwenye tovuti yake, bot.go.tz, orodha za taasisi inazozisimamia, na orodha hizo si moja. Ipo ya benki na taasisi za fedha, ambazo leseni zake hutolewa chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Ipo ya watoa huduma za malipo, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Yapo maduka ya kubadilisha fedha za kigeni. Na ipo ya watoa huduma ndogo za fedha, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayohitaji kusomwa kwa makini zaidi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hao katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki za huduma ndogo za fedha zinazopokea amana. Daraja la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na wakopeshaji wa kidijitali wamo humu. Daraja la tatu ni SACCOS, ambazo leseni zake hushughulikiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa kukasimiwa na Benki Kuu. Daraja la nne ni vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, vikiwamo vya mfumo wa VICOBA, ambavyo husajiliwa kupitia serikali za mitaa. Kwa hiyo anayetafuta SACCOS ya wafanyakazi wenzake katika orodha ya daraja la pili hataiona, na kutoiona huko hakumaanishi chochote. Amekosea orodha.

Daraja ndilo linaloonyesha upana wa ruhusa. Kampuni ya daraja la pili ina leseni halali ya Benki Kuu, na bado hairuhusiwi kupokea amana za umma. Ikiwa kampuni ya namna hiyo inawaalika watu kuweka akiba kwake kwa ahadi ya faida ya kila mwezi, leseni yake haiwalindi waweka akiba hao. Amana zao pia haziko chini ya kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, kwa sababu bodi hiyo inakinga amana zilizo katika benki na taasisi za fedha zilizopewa leseni ya kupokea amana. Mtu anayesoma neno "leseni ya Benki Kuu" ukutani bila kusoma daraja anaweza kuweka fedha zake mahali ambapo sheria haikuruhusu zipokelewe, na hili linanisumbua kuliko udanganyifu wa wazi, kwa kuwa hati inayoonyeshwa ni ya kweli kabisa.

Orodha nyingi huwekwa kama faili za PDF. Ukitafuta kwa kutumia injini ya utafutaji badala ya kuzunguka kurasa za tovuti, amri hii hupunguza matokeo hadi faili zilizo kwenye tovuti ya Benki Kuu peke yake:

```
site:bot.go.tz filetype:pdf "JINA LA KAMPUNI"
```

Kwa TIRA na TCRA, badilisha sehemu ya anwani iwe `tira.go.tz` au `tcra.go.tz`. Ndani ya faili, tafuta kwa neno moja la pekee katika jina la kampuni, si kwa jina zima. Kampuni ile ile inaweza kuandikwa mahali pamoja "Company (T) Ltd" na mahali pengine "Company Tanzania Limited", na kompyuta huyaona hayo kuwa majina mawili. Kumbuka pia kwamba faili iliyopigwa picha kwa skana haitafutiki hata kidogo; ukiandika neno ambalo unaliona kwa macho yako kwenye ukurasa na kompyuta ikasema halipo, basi faili hiyo lazima isomwe mstari kwa mstari.

Kisha angalia tarehe ya orodha yenyewe. Orodha ya mwaka 2016 bado inaweza kufunguka leo, na ndani yake utaikuta FBME, ambayo leseni yake ilifutwa Mei 2017. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa pamoja kwa sababu ya upungufu wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Benki ya Wakulima Kagera na Meru Community Bank. Orodha iliyotolewa mwaka mmoja tu kabla ya hapo ilizionyesha zote kama benki zenye leseni, na wakati huo ilikuwa sahihi. Ndiyo maana hatua ya mwisho kwa upande wa Benki Kuu ni kupitia taarifa zake kwa umma kuanzia tarehe ya orodha hadi leo, kwa kuwa leseni inaweza kufutwa siku yoyote, na kufutwa huko hutangazwa kwa taarifa kabla ya orodha mpya kutoka.

Mkopeshaji wa kwenye simu, hatua kwa hatua

Tuchukue programu ya mikopo ambayo mtu ameikuta kwenye tangazo. Sitaitaja jina, kwa sababu utaratibu ni ule ule kwa programu zote. Jina la programu ni neno moja la kuvutia. Kwenye duka la programu, aliyeitengeneza ametajwa kwa jina lingine. Sera ya faragha inataja kampuni ya tatu yenye neno "Microfinance" na anwani ya Dar es Salaam. Mtafutaji anaanza na hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo yenye dalili ya kuwa kampuni ya Tanzania. BRELA inaonyesha kwamba ipo. Orodha ya daraja la pili nayo inaionyesha. Wengi wangeishia hapo na kuridhika.

Lakini Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa watoa huduma wa daraja la pili wanaokopesha kwa njia za kidijitali, na Novemba 2024 ikatangaza orodha ya programu 69 ambazo hazikuwa zimetimiza vigezo vya mwongozo huo, vikiwamo vya kuwa na leseni na kibali cha kuendesha biashara hiyo. Kwa hiyo mtafutaji anabakiwa na mambo mawili. Anapaswa kulitafuta jina la programu katika tangazo la Novemba 2024 na matangazo yaliyofuata, na anapaswa kuthibitisha kwamba kampuni iliyotajwa kwenye sera ya faragha inaikubali programu hiyo kuwa ni yake. Hili la pili hufanyika kwa kuipigia kampuni kupitia mawasiliano yaliyo katika orodha ya Benki Kuu, si kwa namba iliyo ndani ya programu. Mtengenezaji yeyote anaweza kuandika jina la kampuni yenye leseni katika sera yake ya faragha, na kampuni yenyewe isijue. Ikiwa kampuni inaikana programu, au haipatikani kwa mawasiliano iliyoyapeleka kwa mdhibiti, utafutaji umekupa jibu.

Hatua ya nne: bima, ambako hati moja ina watu wawili

Sekta ya bima inasimamiwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na TIRA inafanya kazi Tanzania Bara na Zanzibar. Ugumu wa bima ni kwamba mtu unayekutana naye kwa kawaida si mtu anayebeba hatari yako. Kampuni ya bima ndiyo inayobeba hatari na kulipa madai. Wakala anauza bima za kampuni hiyo na anaiwakilisha. Dalali anamwakilisha mteja na kutafuta bima katika kampuni mbalimbali. Benki inayouza bima kaunta ni wakala pia, chini ya utaratibu maalumu wa benki. Kila mmoja wao anahitaji ruhusa yake kutoka TIRA, na ruhusa ya mmoja haimfunikii mwingine. Kwa hiyo unatafuta majina mawili: la aliyekuuzia na la kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye hati.

Kwa kampuni ya bima yenyewe, soma aina ya biashara iliyosajiliwa kufanya. Bima za maisha na bima za kawaida, kama za magari, moto na mizigo, ni biashara mbili mbele ya sheria, na kampuni iliyosajiliwa kwa moja si lazima iwe imesajiliwa kwa nyingine. Zipo pia kampuni za bima mtawanyo, kama TAN-RE, ambazo huzikatia bima kampuni za bima. Ukimwona mtu anauza kwa mwananchi wa kawaida bima ya pikipiki kwa jina la kampuni ya namna hiyo, huna haja ya kuendelea na utafutaji.

Bima ina faida moja ambayo benki na simu hazina: unaweza kuhakiki hati yako moja moja, mbali na leseni ya kampuni. Mfumo wa TIRAMIS, kwenye anwani ya tiramis.tira.go.tz, unakubali namba ya stika, namba ya kumbukumbu ya hati ya bima au namba ya usajili wa chombo, kisha unaonyesha kampuni iliyotoa bima na muda wake. Fanya uhakiki huu wakati bado umesimama mbele ya aliyekuuzia. Wakala anaweza kuwa na leseni hai, kampuni ikawa na usajili hai, na bado fedha zako zikawa hazijafika na bima yako haipo kwenye mfumo. Ikiwa namba inaonyesha chombo kingine, au tarehe ya kuanza si ile uliyoambiwa, shida iko kwenye hati, na kutafuta leseni ya kampuni hakutaitatua.

Hatua ya tano: mawasiliano

TCRA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na leseni za mawasiliano leo hutolewa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mfumo wa leseni una makundi makuu manne, na ukiyaelewa hayo orodha ya TCRA inasomeka kwa urahisi. Leseni ya miundombinu ya mtandao inamruhusu mwenye nayo kujenga na kumiliki minara, nyaya za mkongo na vifaa vya namna hiyo. Leseni ya huduma za mtandao inaruhusu kuendesha mtandao wenyewe juu ya miundombinu hiyo. Leseni ya huduma za matumizi inaruhusu kumuuzia mteja wa mwisho, kwa mfano sauti au intaneti, hata kwa kutumia mtandao wa kampuni nyingine. Leseni ya maudhui ni ya redio, televisheni na wengine wanaotangaza.

Kwa hiyo HTT Infraco, kampuni ya Helios Towers hapa nchini, iko katika sekta ya mawasiliano kwa sababu ya minara, ingawa haiuzi laini ya simu kwa mtu yeyote. Na kampuni ndogo inayouza intaneti mjini inaweza kuwa na leseni ya huduma za matumizi peke yake na ikawa halali kabisa, ilimradi inanunua njia kutoka kwa mwenye mtandao. Kampuni hiyo ikianza kuchimba barabara na kulaza mkongo wake yenyewe, swali la leseni ya miundombinu linafunguka.

Baada ya kundi, soma eneo. Leseni huweza kuwa za kimataifa, kitaifa, kimkoa au kiwilaya. Mtoa intaneti mwenye leseni ya wilaya moja anayesaini mkataba wa kuunganisha shule katika mikoa mitatu amevuka ruhusa yake, na ofisa manunuzi wa shule hizo hatalijua hilo kama aliishia kuona jina la kampuni kwenye orodha. Masafa ya redio na namba za simu ni rasilimali zinazogawiwa kwa ruhusa za peke yake, hivyo kampuni ya mtandao usiotumia waya inaweza kuwa na leseni ya kundi sahihi na bado ikahitaji kuulizwa kuhusu masafa.

Mfano kamili: kampuni ya simu na huduma yake ya pesa

Vodacom ni mfano mzuri kwa sababu jina moja analolijua mteja linafika kwa zaidi ya mdhibiti mmoja. Ukitafuta jina halisi, unapata Vodacom Tanzania PLC. Katika orodha ya TCRA utaitafuta kwa jina hilo, na utaikuta katika zaidi ya kundi moja, kwa sababu inaendesha mtandao na pia inauza huduma kwa wateja. Hapo umemaliza sehemu ya sauti na intaneti.

M-Pesa haimo katika leseni hizo. Sheria ya mwaka 2015 na kanuni zake za fedha za kielektroniki ziliifanya biashara hiyo ishikwe na kampuni inayojitegemea, na kampuni hiyo inaitwa M-Pesa Limited. Kwa hiyo unakwenda kwenye orodha ya Benki Kuu ya watoa huduma za malipo na kutafuta jina hilo, si Vodacom. Katika kundi la benki hutaiona, na hupaswi kuiona, kwa kuwa si benki: fedha za wateja hukaa katika akaunti za udhamini ndani ya benki za biashara. Airtel nayo ina kampuni mbili za namna hiyo, moja ya simu na nyingine iitwayo Airtel Money Tanzania Limited. Wakala wa mtaani mwenye kibanda hana leseni ya Benki Kuu ya jina lake. Anafanya kazi chini ya kampuni iliyomteua, na uhalali wake unaulizwa kwa kampuni hiyo.

Kwa Vodacom kuna chanzo kingine ambacho kampuni nyingi hazina. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yalizitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma, na Vodacom iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2017. Kampuni inayouza hisa kwa umma hutoa waraka wa matarajio, na waraka huo hueleza leseni ambazo biashara inazitegemea, pamoja na hatari ya kutohuishwa kwake. Ripoti za mwaka zinazofuata huendeleza taarifa hizo. Ukiwa unachunguza kampuni iliyoorodheshwa, soma ripoti yake ya mwaka kabla ya kumwandikia mdhibiti, kwa sababu mara nyingi utapata humo maelezo mengi kuliko mstari mmoja wa orodha. Hata hivyo maelezo hayo ni ya kampuni kuhusu yenyewe, na mstari wa orodha ya mdhibiti ndio unaoyathibitisha.

Jina lisipoonekana

Kutoonekana kwenye orodha kuna maana nne tofauti: umekosea orodha, umekosea jina, leseni ni mpya kuliko orodha, au leseni haipo. Mbili za kwanza huondolewa kwa kurudia hatua ya kwanza na ya pili ukiwa na namba ya usajili wa BRELA mkononi. Kwa ya tatu, iombe kampuni nakala ya leseni yake. Kampuni yenye leseni haina sababu ya kuificha. Kuwa mkali kwa anayejibu kwamba hati hiyo ni siri. Kwenye nakala, linganisha jina lote na namba ya usajili, soma daraja au kundi, eneo, tarehe ya kutolewa na ya kuisha, na masharti yaliyoambatishwa kama yapo.

Ikibaki shaka, mwandikie mdhibiti. Barua fupi ndiyo inayojibika: taja jina kamili la kampuni, namba yake ya usajili, jina la biashara, shughuli inayofanya, na uliza kama ina leseni ya shughuli hiyo, ya daraja au kundi gani, na kama leseni hiyo ilikuwa hai katika tarehe unayoitaja. Kuuliza kwa tarehe ni muhimu kwa mwenye mgogoro, kwa sababu kinachoamua haki yake ni hali ya leseni siku aliposaini au alipolipa. Kwa Tanzania Bara, raia anaweza kuitegemea Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mmiliki wa taarifa siku 30 za kujibu ombi. Utaje muda huo wa siku 30 katika barua yenyewe na utunze ushahidi wa tarehe ilipopokelewa.

Katika jalada lako weka faili ya orodha yenyewe uliyoipakua, si kiungo chake, kwa kuwa mdhibiti hubadilisha faili na anwani ya zamani hufunguka ikiwa na orodha mpya au haifunguki kabisa. Andika juu yake tarehe uliyoipakua na tarehe iliyochapishwa ndani yake. Piga picha ya skrini ya matokeo ya TIRAMIS ikionyesha namba uliyoingiza. Kwa mkataba unaodumu zaidi ya mwaka, andika kwenye kalenda tarehe ya kuisha ya kila leseni uliyoikuta, kisha rudia utafutaji mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, na uombe uthibitisho wa kuhuishwa kabla ya malipo yanayofuata.